Mwezi katika Nge: Je, Tarehe ya Ndoa au ya Kufungua Duka Hupatikana Nyotani?

Si mara moja wachumba waliokwisha kuandikisha ndoa parokiani hurudi kuomba tarehe ihamishwe, kwa sababu mzee wa ukoo ameambiwa kwamba siku ile "mwezi umo katika Nge". Wapo pia wafanyabiashara wanaolipia pango la duka wiki mbili nzima bila kuuza kitu, wakingoja saa waliyopangiwa na mnajimu. Kabla ya kueleza Kanisa lafundisha nini, yafaa tuielewe kwanza kazi yenyewe ya mnajimu. Jambo lisiloeleweka huogopwa kuliko linavyostahili.

Mnajimu hufanya nini

Kuchagua saa ya heri ni tawi la kale la unajimu, lililotoka kwa Wagiriki na Wahindi, likaendelezwa na wataalamu walioandika kwa Kiarabu na kufika mwambao wetu pamoja na biashara ya bahari. Habari mashuhuri ni ya mji wa Baghdadi. Mwaka 762 Khalifa al-Mansur aliwaagiza wanajimu, miongoni mwao Nawbakht na Mashallah, wamchagulie saa ya kuanza kujenga mji wake mkuu.

Mnajimu huigawa njia ya jua angani katika sehemu kumi na mbili zilizo sawa, ziitwazo buruji: Kondoo, Ng'ombe, Mapacha na kuendelea hadi Samaki. Kisha hutazama mambo matatu. Kwanza ni mwezi, ambao hupendelewa ukiwa unakua, ili jambo nalo likue. Pili ni sayari inayohusishwa na shughuli yenyewe: Zuhura kwa ndoa, Utaridi kwa biashara. Tatu ni buruji inayochomoza mashariki saa ile. Hiyo hubadilika kwa wastani kila baada ya saa mbili, na ndiyo sababu mteja huambiwa afungue duka saa 4 asubuhi, wala si saa 7 mchana.

Katika hayo yote, katazo linalojulikana zaidi ni la mwezi kuwa katika Nge. Chanzo chake ni kanuni ya kale isemayo kwamba mwezi hupata utukufu wake katika Ng'ombe na huanguka katika Nge, iliyo upande wa pili wa anga. Mwezi huzunguka buruji zote kwa siku 27 na theluthi hivi. Kwa hiyo kila mwezi huwamo katika Nge kwa muda wa siku mbili na kidogo, ambazo huhesabiwa kuwa za nuhusi kwa kila anayeoa, anayesafiri au anayeanza biashara.

Tarehe moja, majibu mawili

Tuijaribu kanuni hiyo kwa tarehe halisi. Mwezi ulikuwa mpevu Jumatatu tarehe 12 Mei 2025, jioni. Kwa hesabu ya buruji itumiwayo na wanajimu wa Ulaya na wengi wa Kiarabu, mwezi ulikuwa ndani ya Nge tangu usiku wa Jumamosi tarehe 10 hadi Jumanne tarehe 13 mchana. Mtu aliyetaka kufunga ndoa Jumapili tarehe 11 angekatazwa, na aliyetaka kufungua duka Jumatano tarehe 14 angeruhusiwa.

Mnajimu afuataye hesabu ya Kihindi angejibu kinyume kabisa. Kwake, Jumapili ile mwezi ulikuwa bado katika Mizani, na Jumatano ndipo ulipokuwa katika Nge. Ndoa ingeruhusiwa, na duka lingekatazwa.

Tofauti hii haitokani na kosa la hesabu. Mhimili wa dunia huyumba polepole kama pia inayozunguka, na kwa sababu hiyo mahali panapoanzia hesabu ya buruji husogea mbele ya nyota kwa kadiri ya digrii moja kila miaka 72. Hesabu ya kwanza hufuata majira ya jua, ya pili hufuata nyota zenyewe. Zamani zililingana, leo zimeachana kwa digrii 24 hivi. Nao mwezi husafiri digrii 13 kwa siku, hivyo makatazo ya pande mbili hupishana kwa siku mbili karibu.

Jambo hili halihitaji kitabu ili lithibitike. Usiku wa Jumanne tarehe 13 Mei, aliyetazama angani aliuona mwezi ukiwa karibu na ile nyota nyekundu iitwayo Moyo wa Nge. Lakini kwa hesabu ya kwanza, mwezi ulikuwa umekwisha kutoka Nge na kuingia Mshale. Swali letu, basi, ni hili: ikiwa nuhusi imo katika nyota, mbona hesabu ile haizifuati nyota? Na ikiwa haimo katika nyota, imo wapi?

Hoja ya Mtakatifu Augustino

Mtakatifu Augustino, ambaye katika ujana wake aliufuata unajimu, aligusa jambo hili hasa la kuchagua siku ya ndoa katika kitabu cha tano cha Mji wa Mungu. Hoja yake ni fupi. Wanajimu husema kwamba nyota za kuzaliwa humpangia mtu maisha yake. Ikiwa ndivyo, kuchagua siku ya ndoa hakuwezi kubadili kitu. Na ikiwa kuchagua siku kwaweza kubadili, basi nyota za kuzaliwa hazikupanga. Tena aliuliza kuhusu mbegu zilizopandwa kwa saa moja katika shamba moja: mbona nyingine huzaa na nyingine hufa?

Baghdadi yenyewe ni mfano. Mji ulistawi kwa karne nyingi, lakini miaka 50 tu baada ya saa ile ya heri ulizingirwa na kuharibiwa vibaya katika vita vya ndugu wawili, wajukuu wa mwana wa mwanzilishi wake.

Linalokatazwa na lisilokatazwa

Kanisa halikatazi kuutazama mwezi. Mvuvi anayengoja bamvua anatambua sababu ya kweli, kwa maana mwezi huvuta maji. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifanya upambanuzi huo huo: ni halali kuzitumia nyota kujua yale zinayoyasababisha, si halali kuzitumia kutabiri yanayotegemea hiari ya mwanadamu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2116, yakataa unajimu pamoja na namna zote za kutazamia.

Madhara yake tunayaona majumbani. Ndoa ikiyumba, wanandoa hutafuta aliyechagua siku badala ya kutazama maneno na matendo yao. Kinachofunga ndoa ni ridhaa ya hao wawili, nayo hutolewa kwa hiari siku yoyote.

Tarehe ichaguliwe basi kwa sababu zinazoonekana. Mafundisho ya ndoa yawe yamekamilika, na matangazo yawe yamesomwa. Ijumaa Kuu na Jumamosi Kuu ziepukwe, na Kwaresima iheshimiwe. Wazazi wa pande zote waweze kufika. Mwenye duka naye aangalie kama leseni imetoka, kama bidhaa zimefika, na kama wateja wake wamekwisha kuvuna au kupokea mishahara. Kisha amwombe padre abariki duka, siku yoyote atakayokuwa tayari kulifungua.