Matundu Yenye Herufi

Bamba lenye matundu mengi likiwekewa kila kipimo kwa mishale, mchoro hujaa mistari mpaka jicho linapotea. Ndiyo maana mchoraji huandika herufi tu kando ya kila tundu, na vipimo akavipeleka kwenye jedwali.

Chukua bamba la milimita 200 kwa 120. Jedwali linasema A ina kipenyo 9, idadi 4. B ina kipenyo 25, idadi 1. Herufi moja ni saizi moja, kwa hiyo fundi hutoboa A zote kabla ya kubadili keekee. Namba baada ya herufi hutaja tundu lenyewe: A1 iko X 15, Y 15, A2 iko X 185, Y 15. B1 iko X 60, Y 60.

Kabla ya kupima, tafuta sifuri. Hapa ni pembe ya chini kushoto: X huenda kulia, Y huenda juu, na kila kipimo huishia katikati ya tundu. Anayepima 185 kuanzia A1 atafika ukingoni kabisa, maana umbali wa kweli kati ya A1 na A2 ni 170.

Kisha hesabu. Ukiona A tano kwenye mchoro, usitoboe, muulize mchoraji.

Kosa gumu kuliko yote ni bamba kugeuzwa. Matundu ya A, yaliyo kwenye pembe nne, hayatalifichua. B1 ndiyo italifichua: utaikuta kwenye 140.