Alianza Lini Kutafuta Kazi?

Mfanyakazi anayeaga huwa bado anasubiri malipo yake ya mwisho na cheti cha utumishi, ambacho nchini Tanzania Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe. Akiulizwa na afisa utumishi kwa nini anaondoka, hujibu kwa adabu: nimepata mshahara mzuri zaidi. Huenda ni kweli. Lakini jibu hilo linaeleza kwa nini aliikubali kazi mpya, halielezi kwa nini alianza kuitafuta.

Ndiyo maana anayeandaa ripoti hutenga safu mbili kwa kila aliyeondoka: kilichomsukuma na kilichomvuta. Safu ya kwanza hupatikana kwa swali ambalo mimi nalithamini kuliko mengine yote: ulianza lini kutafuta kazi, na wakati huo kulikuwa kumetokea nini? Majibu yaandikwe kwanza kwa maneno ya mhusika mwenyewe, kisha yanayofanana yawekwe pamoja. Ukianza na makundi uliyoyapanga kabla, utaona tu ulichotarajia.

Tuchukue mfano wa kubuni. Hospitali ina wauguzi 120, na kwa mwaka mmoja wameondoka 24, wengi wao wakitaja mshahara. Wodi ya wazazi imepoteza 9, wodi ya watoto 8, kwingineko 7. Kwa haraka utasema tatizo liko kwa wazazi. Kumbe wodi hiyo ina wauguzi 60, ya watoto ina 20 tu: ya kwanza imepoteza asilimia 15, ya pili asilimia 40. Kurudi kwenye maelezo ya wale 8, sita walitaja mshahara, lakini watano kati ya hao sita walianza kutafuta kazi baada ya ratiba ya zamu kuanza kubandikwa jioni ya kuamkia siku ya kazi. Mwenye mtoto mchanga hakuweza kumpata wa kumlelea usiku.

Sasa pendekezo lina pa kushika: muuguzi kiongozi wa wodi ya watoto atoe ratiba wiki mbili kabla, kuanzia tarehe inayotajwa. “Kuboresha mazingira ya kazi” si pendekezo, kwa sababu hakuna anayeweza kuulizwa kama limetekelezwa.

Hapa kuna hatari. Katika wodi ya watu 20, maneno “mwenye mtoto mchanga” yanamtambulisha mhusika, naye bado anahitaji wasifu mzuri kutoka kwa mkuu wake. Ripoti itakayosambazwa iseme “majukumu ya malezi” na iishie hapo. Mashtaka mazito, kama unyanyasaji wa kijinsia, hayasubiri ripoti. Yanapelekwa mara moja kwa anayehusika.

Maelezo ya waliokwisha kuondoka hayatoshi pia kuthibitisha chanzo, maana huenda waliobaki nao wanalalamikia ratiba ileile. Waulizwe. Na ikiwa baada ya miezi sita ratiba inatoka kwa wakati lakini wauguzi bado wanaondoka kwa kasi ileile, safu ya kilichowasukuma ifunguliwe upya na kusomwa jina kwa jina.