Gurudumu la 0.75 Halipunguzi Mzigo kwa Asilimia 75

Wanaosomea ufundi wa viyoyozi wanalijua swali hili, na wengi hupoteza alama palepale. Tuliweke Dar es Salaam, mahali ambapo hewa ya nje huwa na joto na unyevu kwa pamoja:

"Jengo la ofisi huingiza kilo 2 za hewa ya nje kwa sekunde. Hewa hiyo ina nyuzi 32, unyevu wa asilimia 70 na enthalpi ya kilojuli 86.3 kwa kilo. Hewa inayotolewa vyumbani, ya kiasi hichohicho, ina nyuzi 24, unyevu wa asilimia 50 na enthalpi ya 47.8. Hewa mpya ikishapita kwenye gurudumu, enthalpi yake ni 57.4, na ikitoka kwenye koili ni 35.5. Tafuta ufanisi wa gurudumu na upungufu wa mzigo wa koili."

Enthalpi ni jumla ya nishati iliyomo katika hewa: joto linaloonekana kwenye kipimajoto, pamoja na lile lililojificha ndani ya mvuke. Gurudumu lenyewe ni duara pana lenye vitundu vyembamba kama sega la nyuki, vilivyopakwa kitu kinachofyonza unyevu, mara nyingi jeli ya silika. Linazunguka polepole, nusu yake imekaa kwenye njia ya hewa inayoingia, nusu nyingine kwenye njia ya hewa inayotoka. Upande wa kwanza linapokea joto na mvuke, upande wa pili linavikabidhi kwa hewa inayotupwa nje.

Sasa jibu. Ufanisi ni kile gurudumu lilichopunguza, ukigawanya kwa kile ambacho lingeweza kupunguza kama hewa mpya ingefikia hali ileile ya hewa ya chumbani:

(86.3 − 57.4) ÷ (86.3 − 47.8) = 28.9 ÷ 38.5 = 0.75

Bila gurudumu, koili ingebeba 2 × (86.3 − 35.5), yaani kilowati 101.6. Gurudumu likiwapo, inabeba 2 × (57.4 − 35.5), yaani kilowati 43.8. Mzigo umepungua kwa kilowati 57.8.

Hapa ndipo mtego ulipo. Mtahiniwa anaona 0.75, anaandika kwamba mzigo umepungua kwa asilimia 75. Sivyo. Ukigawanya 57.8 kwa 101.6 unapata asilimia 57. Hata gurudumu kamilifu lingeifikisha hewa mpya kwenye hali ya chumbani tu, si zaidi. Safari iliyobaki, kutoka 47.8 hadi 35.5, ni ya koili peke yake.

Mtahini mjanja huongeza kipengele kimoja: je, gurudumu lingekuwa la chuma kitupu, lisilofyonza unyevu, ingekuwaje? Kwa ufanisi huohuo wa 0.75, hewa ingeshuka kutoka nyuzi 32 hadi 26, lakini mvuke wake wote ungebaki. Kilo moja ya hewa hii hutoa takriban kilojuli 1.045 kwa kila nyuzi moja inayoshuka, kwa hiyo 2 × 1.045 × 6 inatupa kilowati 12.5 tu. Tofauti ya 57.8 na 12.5 ndiyo hoja ya kununua gurudumu la enthalpi pwani: sehemu kubwa ya mzigo wa hewa mpya ni mvuke, wala si joto la kipimajoto.

Ukokotoaji huu una sharti, nalo ni kwamba hewa zote mbili ziwe sawa. Majengoni mara nyingi haziwi sawa, kwa sababu feni za vyooni huvuta sehemu ya hewa na kuitupa nje bila kuipitisha kwenye gurudumu. Ikibaki kilo 1.4 kwa sekunde, kikomo cha nishati inayoweza kuhamishwa ni 1.4 × 38.5, yaani kilowati 53.9. Swali likikupa ufanisi uleule wa 0.75, unaokoa 40.4, na koili inabeba 61.2. Ukiendelea kutumia kilo 2 kwenye kikomo hicho, jibu lako litakuwa zuri kuliko jengo lenyewe.

Nako kwenye jengo, fundi ana njia rahisi ya kulikagua. Apime joto na unyevu wa hewa mpya kabla na baada ya gurudumu. Vikikaribia kulingana wakati nje ni joto kuliko ndani, mkanda unaolizungusha huenda umekatika au mota imesimama. Joto likishuka vizuri ilhali unyevu haushuki, rangi ya kufyonza imechoka au imefunikwa na vumbi na mafuta. Na nyakati ambazo hewa ya nje ina enthalpi ndogo kuliko ya ndani, kama asubuhi nyingi za Nairobi, gurudumu lisimamishwe, la sivyo litairudishia hewa mpya joto lililokuwa linatupwa.