Kuitambua Shaba, Alumini na Chuma Kabla ya Kufika kwenye Mizani

Katika mazungumzo ya kila siku, karibu kila metali iliyochakaa huitwa chuma chakavu, na jina hilo moja huwagharimu wauzaji. Ndani ya gunia moja huweza kulala metali nne zenye bei zilizoachana sana: shaba nyekundu iliyo ghali kuliko zote, shaba ya njano ambayo mafundi wengi huiita brasi, alumini, na chuma chenyewe ambacho ndicho cha bei ya chini. Gunia likifika kwa mnunuzi likiwa limechanganyika, mara nyingi hupimwa lote kwa bei ya kile kilicho duni. Kazi ya kutenganisha hufanyika nyumbani, na vifaa vyake ni vichache: sumaku, tupa, kisu na mizani ndogo ya jikoni.

Sumaku hutangulia, kwa kuwa ndiyo inayofanya kazi kubwa kwa muda mfupi. Kipande kinachotolewa nyuma ya spika mbovu kinatosha kabisa. Hushika chuma cha kawaida na chuma cha kalibu, lakini haishiki shaba nyekundu, brasi wala alumini. Kwa hiyo kila kinachonasa huwekwa kando, hata kama kinang'aa kama dhahabu. Zipo kufuli za bei nafuu na vishikio vya milango ambavyo ni chuma kilichopakwa utando wa njano. Fimbo za kutia umeme ardhini nazo mara nyingi huwa na ngozi ya shaba juu ya chuma. Jicho hudanganyika hapo, sumaku haidanganyiki. Inafaa tu kukumbuka kwamba skrubu au springi moja iliyofichwa ndani ya brasi inaweza kuivuta sumaku, hivyo kipande hujaribiwa sehemu mbalimbali kabla ya kuhukumiwa.

Kosa la kawaida hutokea upande wa pili. Kitu kisichonasa na kilicho cheupe hudhaniwa papo hapo kuwa alumini. Chuma kisichoshika kutu, yaani stenlesi inayotengenezewa masinki na vyombo vingi vya jikoni, mara nyingi hakivutwi na sumaku, ilhali aina nyingine za stenlesi huvutwa. Hapo ndipo uzito unapohitajika.

Mkono wenyewe ni mizani nzuri kwa swali hili moja. Bonge la alumini lenye ukubwa wa lita moja lina takriban kilo 2.7. La chuma, stenlesi ikiwemo, hukaribia kilo 7.9; la brasi kilo 8.5, na la shaba nyekundu kilo 8.9. Tofauti kati ya alumini na hizo nyingine ni karibu mara tatu, na hata mtoto akishika sufuria ya alumini kwa mkono mmoja na ya stenlesi yenye unene uleule kwa mwingine ataitambua. Lakini brasi na shaba nyekundu zimekaribiana mno. Anayedai kuzitofautisha kwa kuzipima kiganjani anabahatisha.

Kinachotenganisha shaba mbili hizo ni rangi, na rangi hiyo haiko juu. Shaba nyekundu iliyokaa nje huwa ya kahawia, kisha huota ukoko wa kijani. Brasi kuukuu nayo hufubaa hadi ikafanana nayo. Rangi ya kweli huonekana baada ya tupa kupita mara mbili au tatu kwenye kona isiyoonekana. Shaba nyekundu hutoa wekundu wa waridi. Brasi, ambayo ni shaba iliyochanganywa na zinki, hutoa umanjano. Alumini hutoa weupe mwororo, na hata msumari huichora kwa urahisi, wakati stenlesi humfanya msumari ateleze. Tupa ichimbe vya kutosha, maana kukwangua vumbi tu hakuonyeshi chochote.

Koki za bomba la maji ni mfano mzuri wa jinsi majaribio haya yanavyosaidiana. Nyingi zimepakwa kromu, kwa hiyo zote ni nyeupe na zinang'aa. Chini ya kromu huweza kuwa na brasi, au mchanganyiko wa zinki ambao ni wa bei ya chini zaidi. Sumaku haisemi lolote, kwa kuwa haishiki hata mmoja. Tupa hutoa jibu la haraka: njano ni brasi, kijivu hafifu ni zinki. Mtu asiyetaka kuikwangua koki, au mwenye shaka na rangi aliyoiona, anaweza kutumia maji.

Tuseme koki imeondolewa mpini, mipira na sehemu zote za plastiki, na mizani ya jikoni inaonyesha gramu 500. Maji hujazwa kwenye jagi lenye vipimo hadi mililita 500, koki inafungwa uzi na kuzamishwa yote, kisha inatikiswa ili hewa iliyobaki ndani itoke. Maji yakipanda hadi mililita 560, koki imechukua nafasi ya mililita 60. Gramu 500 kugawanya kwa 60 ni 8.3, nayo iko jirani kabisa na brasi. Kama ingekuwa ya mchanganyiko wa zinki, ambao hesabu yake huwa kama 6.6, maji yangepanda hadi karibu mililita 576. Viputo vya hewa ndivyo vinavyoharibu kipimo hiki: hewa ikinaswa ndani, maji hupanda kupita kiasi, na brasi nzuri huonekana kuwa zinki.

Mtego mkubwa zaidi, hata hivyo, uko kwenye mota za feni. Waya za koili hupakwa varnishi yenye rangi ya shaba, na varnishi hiyohiyo hupakwa juu ya waya za alumini. Mota ikifunguliwa, koili zote mbili ni nyekundu na zinapendeza. Uzito hausaidii kabla ya kuzitoa, kwa sababu sehemu kubwa ya uzito wa mota ni mabati ya chuma yaliyozungukwa na waya. Dawa ni kuvuta uzi mmoja wa waya na kuukwangua taratibu kwa ncha ya kisu hadi varnishi itoke. Ukibaki mwekundu, ni shaba. Ukitokea mweupe, ni alumini, na hakuna haja ya kubishana na mnunuzi.

Nyaya zinazouzwa kwa bei ya chini zina hila nyingine: alumini iliyovikwa ngozi nyembamba ya shaba halisi. Kuikwangua juu juu huonyesha wekundu, na mwuzaji huridhika mapema. Waya wa namna hii hukatwa kwa koleo kali, kisha ncha yake hutazamwa kwenye mwanga: katikati huwa peupe, na shaba ni duara jembamba tu pembeni.

Baada ya kila kitu kupata gunia lake, sumaku hupitishwa tena juu ya gunia la alumini. Fremu za madirisha na vifuniko vya injini hubaki na bolti, nati na ribiti za chuma, na mnunuzi akiziona huishusha alumini yote daraja. Bolti zilizoshika kutu hukatwa kwa msumeno wa chuma, pamoja na kipande kidogo cha alumini kilichozishikilia, na vipande hivyo huingia kwenye gunia la chuma.