Mawanda ya Ukanushi katika Ombi la Staha: Mfano wa Kijibarua cha Mwalimu kwa Mwenzake, Sumbawanga

1.0 Utangulizi

Makala haya yanaeleza namna muundo wa sentensi unavyoamua hatima ya ombi moja gumu: mtu kumwomba mwenzake wa kazini, kwa maandishi mafupi, aache kumsahihisha mbele ya wengine. Katika nadharia ya staha ya Brown na Levinson, kusahihisha hadharani ni kitendo kinachotishia uso, yaani hadhi ambayo mtu hutaka itambuliwe na wenzake. Hata hivyo, ombi la kukizuia kitendo hicho nalo hutishia uso wa yule anayeombwa. Hoja ya makala haya ni kwamba kijibarua hufaulu pale kinapobadili mahali pa kusahihisha bila kukanusha kusahihisha kwenyewe.

2.0 Mfano wa Ufipa

Suala hili lina uzito wa pekee katika uwanda wa juu wa Ufipa, ambako walimu na wanafunzi wengi huishi na Kiswahili pamoja na Kifipa, lugha ya Kibantu iliyowekwa na Guthrie katika kundi M.13. Sauti za Kiswahili zinazoandikwa dh, th na gh hutokea zaidi katika maneno yenye asili ya Kiarabu, nazo hazimo katika lugha nyingi za Kibantu za bara. Ndiyo maana baadhi ya wasemaji wa bara hutamka z panapoandikwa dh. Anayesahihishwa kwa sababu hiyo haambiwi tu kuwa amekosea neno. Wanaosikia huweza kuelewa kuwa ni asili yake inayotajwa.

Tuchukulie mfano wa kubuni. Katika shule moja ya Sumbawanga, mwalimu kijana anatangaza jambo kwa wanafunzi na kutamka “zarura”. Mwenzake aliyemzidi umri anamkatiza: “Sema dharura.” Wanafunzi wanacheka. Rasimu ya kwanza ya kijibarua cha kijana huyo inasomeka hivi:

“Mwalimu, huwa unapenda kunidhalilisha. Tafadhali usinisahihishe mbele ya wanafunzi.”

Rasimu hii ina kasoro mbili. Kwanza, “huwa unapenda” hugeuza tukio moja kuwa tabia, na mwenye kutuhumiwa tabia hujitetea badala ya kusikiliza ombi. Pili, mawanda ya ukanushi yana utata. Kiambishi -si- katika “usinisahihishe” kinaweza kukanusha mahali tu (nisahihishe, lakini si hapa), au kukanusha tendo zima. Msomaji aliyekwisha kuudhiwa na sentensi ya kwanza huelekea kuchukua maana ya pili.

Rasimu ya pili huondoa utata huo:

“Shikamoo, Mwalimu. Leo asubuhi nilipotamka ‘zarura’, nilisahihishwa wanafunzi wakisikia. Neno nimelipokea, ni dharura. Ila kipindi kilichofuata wanafunzi waliniigiza, nikashindwa kufundisha. Naomba nikikosea tena, unisahihishe tukiwa ofisini. Asante.”

3.0 Uchanganuzi

Ombi hapa ni yakinishi. Kitenzi “unisahihishe” kimebaki, na kilichobadilika ni kishazi cha mazingira: “wanafunzi wakisikia” kimepisha “tukiwa ofisini”. Mwalimu mkubwa habaki na katazo, bali na wajibu ule ule mahali pengine. Kauli ya kutendwa, “nilisahihishwa”, hutaja tukio bila kumweka mtenda katika nafasi ya kiima, ilhali “unisahihishe” huonyesha wazi nani anaombwa. Kama kauli ya kutendwa ingetumika hadi mwisho (“naomba makosa yasahihishwe ofisini”), ombi lingefanana na tangazo lisilo na mlengwa.

Staha nayo ina kikomo. “Kama ingewezekana, ningependa kuomba” hurundika umbali kiasi cha kusikika kama kejeli baina ya watu wanaoonana kila siku. “Samahani” mwanzoni humgeuza mwombaji kuwa mkosaji. “Shikamoo” inatosha: hukiri tofauti ya umri kabla ya madai, wala haipunguzi madai yenyewe. Njia ya kufikisha ujumbe pia ni sehemu ya maana yake; kijibarua hiki kikitumwa katika kundi la simu la walimu, kitakuwa kimetenda kile kinachokikataza.

Jibu la mwenzake huonyesha kama mawanda yameeleweka. Akijibu, “Basi sitakusahihisha tena,” amesikia katazo la tendo zima, na inafaa kumrudishia kishazi cha mahali: “Nisahihishe, Mwalimu, ila ofisini.” Aidha, ombi hili halifai kuhusisha makosa yasiyoweza kusubiri, kama vile saa ya mtihani iliyotangazwa vibaya. Hapo anayenyamaza hadi ofisini huwaponza wanafunzi, na kusahihisha papo hapo ndiko kunakostahili.