Riba Ikipanda Leo, Ajira Itakuwaje Baada ya Miezi 24?

Benki Kuu ya Marekani ikipandisha riba ghafla, ukosefu wa ajira utakuwa umebadilika kiasi gani baada ya miezi 24? Wachumi wana njia mbili za kujibu, na kwa takwimu zilezile majibu yaweza kupishana.

Ya kwanza, VAR, ilienezwa na Christopher Sims mwaka 1980. Riba, bei na ajira huwekwa pamoja, kila kimoja kikielezwa na hali ya vyote katika miezi iliyopita. Mchumi hukadiria mwendo wa mwezi mmoja tu, kisha huurudia: wa kwanza unazaa wa pili, wa pili unazaa wa tatu, hadi wa 24.

Katika kurudia huko kosa dogo hunenepa. Tuseme kila mwezi athari hubaki asilimia 95 ya ilivyokuwa mwezi uliotangulia. Baada ya miezi 24 imebaki asilimia 29 hivi. Mchumi akikadiria 90 badala ya 95, atapata 8.

Mwaka 2005 Òscar Jordà alipendekeza kuruka ngazi zote: chukua ukosefu wa ajira wa miezi 24 baadaye, uulinganishe moja kwa moja na mshtuko wa riba wa leo. Kila umbali una hesabu yake, kwa hiyo kosa halirithiwi. Lakini katika miezi hiyo mafuta hupanda bei, serikali hubadilika, na yote hayo huingia kama kelele. Mchoro hutoka na mabonde na vilima visivyo na maana yoyote ya kiuchumi.

Mikkel Plagborg-Møller na Christian Wolf walionyesha mwaka 2021 kwamba takwimu zingekuwa hazina mwisho, na miezi ya nyuma ikaingizwa yote, njia hizi zingetoa jibu moja. Takwimu halisi zina mwisho, basi ni kuchagua: kuegemea upande mmoja au kutawanyika.

Chukua mfano wa kubuni. Jibu la kweli ni 1. VAR fupi hutoa wastani wa 0.7, mtawanyiko 0.1, njia ya Jordà hutoa wastani wa 0.95, mtawanyiko 0.4. Ukijumlisha miraba ya kasoro hizo na kutafuta kipeuo, VAR hukosea kwa 0.32, Jordà kwa 0.40. VAR imeshinda! Ila pima mitawanyiko miwili kila upande: VAR hutangaza kati ya 0.5 na 0.9, na ukweli uko nje. Jordà hutangaza kati ya 0.15 na 1.75, pana mno, lakini ukweli umo.

Anayetaka namba moja ya makadirio, VAR inamfaa. Anayetaka kujua mashaka yake yana ukubwa gani asiitegemee VAR fupi. Na aongeze miezi ya nyuma ndani yake aone: mchoro ukihama sana, ule wa kwanza ulikuwa umeegemea, nao mpya utakuwa umepanuka karibu sawa na wa Jordà.