Barua ya Kazi Imo Kwenye Andalio la Somo

Mkuu wa shule binafsi akifungua bahasha za walimu wanaoomba kazi, aya ya kwanza huipitia juujuu. Anaijua: mwombaji ana shahada ya ualimu, anajituma, hahitaji kusimamiwa. Wote wameandika hivyo, na vyeti vimeambatishwa nyuma. Anachotafuta ni mahali ambapo mtu huyu anaonekana amesimama mbele ya darasa.

Kwa ambaye hajawahi kuajiriwa, darasa hilo ni lile la fildi, zile wiki chache za mazoezi ya kufundisha. Wengi huzimaliza kwa sentensi moja: nilifundisha Fizikia kidato cha pili katika shule fulani. Kumbe mali yenyewe imo kwenye andalio la somo, chini kabisa, penye tathmini na maoni. (Tuseme kweli, wengi wetu pale tulijaza "somo limeeleweka" kila siku, hata siku ambayo halikueleweka.)

Chukulia mwombaji aliyefundisha umeme akaandika maoni yake kwa uaminifu. Aliwauliza wanafunzi 52: mkondo ukishapita kwenye balbu unapungua, au unabaki uleule? Wanafunzi 37 wakasema unapungua, balbu imeula. Shule ilikuwa na ammita 2 tu. Kesho yake aliziunga zote mezani mbele, moja kabla ya balbu na nyingine baada yake, akaita wanafunzi wasome kwa sauti. Huku amperi 0.2, kule 0.2. Wiki iliyofuata alirudia swali, na 15 bado walikosea. Alipowahoji akagundua kwamba walikuwa wanachanganya mkondo na nishati: kinachobadilika kuwa mwanga na joto pale kwenye balbu ni nishati, mkondo haupungui.

Barua inahitaji hayo tu, kwa sentensi tano au sita, na wale 15 wasifichwe. Ndio wanaoonyesha kwamba mwalimu huyu alirudi kuangalia kama somo limeingia, na lilipokwama alitafuta sababu.

Barua nyingine huharibikia kwenye majigambo. "Nilipandisha ufaulu wa Fizikia shuleni," mtu anaandika, naye alikaa pale miezi miwili, darasa lina mwalimu wake na mtihani wa taifa ulikuwa bado. Anayesoma amefundisha miaka mingi. Hesabu hiyo anaipiga papo hapo. Afadhali kutaja darasa moja, mada moja na kilichotokea.

Kwa kuwa masomo mengi ya sekondari Tanzania hufundishwa kwa Kiingereza, barua nayo mara nyingi huandikwa kwa lugha hiyo. Ukurasa mmoja unatosha, pamoja na nakala ya andalio la siku ile. Shule nyingi binafsi zitamwita afundishe kipindi cha majaribio, na huenda mkuu wa shule akakaa nyuma na andalio mkononi, kisha amuulize: "Mwalimu, wale 15 uliwafanyaje?"